Hapana ya Mstari wa Kwanza

Zamani mtu akikunyima kitu alikunyima kwa barua, ukaisoma, ukajua umenyimwa na mtu aliyelelewa. Siku hizi unanyimwa kwa neno moja kwenye simu, nalo limekatwa mkia.

Karani wa manunuzi wa kiwanda cha sabuni alikuwa mtu wa zile barua. Meneja wake alikuwa mtu wa haya maneno, na wafanyakazi walimwita Mkato kwa kuwa hata salamu alizikata katikati. Muuzaji akileta pendekezo la bidhaa zake, Mkato alijibu "Hatutaki." Mmoja alijibiwa "Acha," akabaki kujiuliza aache nini, biashara au sigara.

Karani alichukua majibu hayo na kuyavalisha nguo kabla hayajatoka. Tatizo ni kwamba aliyavalisha mpaka sura ikapotea. Muuzaji wa manukato alipokataliwa, alipokea kurasa mbili za shukrani, na lile "hapana" lilikuwa limezama humo kama sindano kwenye pipa la unga. Wiki ya tatu akaleta lori lenye mapipa arobaini ya harufu ya asumini. Yalirudishwa, ila moja lilipasuka getini, na kwa mwezi mzima mlinzi alinukia kama bibi harusi. Mkewe akaanza kumuuliza maswali.

"Lori lingine likija kwa barua yako," Mkato alisema, "meza unaiacha. Unakwenda kukaa na mlinzi."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Haukupita muda, mama mmoja mwenye karakana ya maboksi akaleta pendekezo na sampuli tano. Sampuli zikawekwa chumba cha kukaushia sabuni, na siku ya pili zikalegea kama chapati iliyomwagiwa chai. Tena kiwanda kilikuwa na mkataba na muuzaji mwingine hadi mwisho wa mwaka. Mkato akaandika jibu: "Mabovu. Usirudi."

Karani aliisoma karatasi hiyo akaumia kama aliyetukaniwa mama. Mwenye maboksi akitukanwa leo, kesho yule wa mkataba akishindwa, kiwanda kitafungia sabuni kwenye nini? Kwenye magazeti? Lakini akilainisha mno, lori litakuja, na yeye atamalizia utumishi wake getini, kwenye asumini.

Aliandika rasimu, akaenda nayo nyumbani saa ya chakula, akamsomea mkewe. Mkewe alisikiliza mpaka ukurasa wa pili, mkono umeshika kijiko.

"Mume wangu, hapa unakataa maboksi au unaposa?"

"Ninakataa."

"Basi kataa kwanza, ndipo umsifu. Huyo mama ana kazi zake."

Alikwazika, maana hakuna mwandishi anayependa kusahihishwa na mwenye kijiko. Hata hivyo alirudi ofisini, akafuta "tumefurahi kupita kiasi" na ndugu zake wote. Akaandika upya:

"Mama mheshimiwa, tumepokea pendekezo lako na sampuli tano. Kwa sasa hatutanunua. Tafadhali usitume mzigo. Sababu ni mbili: tuna mkataba na muuzaji mwingine hadi mwisho wa mwaka, na sampuli zililegea siku ya pili katika chumba chetu chenye mvuke. Mwezi wa kumi tutapokea mapendekezo ya mwaka ujao. Hatuahidi kununua, lakini ukiwa na boksi linalohimili mvuke, tutalipima kwa haki. Asante kwa kazi yako."

Ukurasa haukufika hata nusu. Aliona aibu kuutia sahihi, kama mtu anayetoka nje bila shati.

Mwezi wa kumi mlinzi alipiga simu akasema lori liko getini. Karani alikusanya kalamu zake na picha ya mkewe, akashuka ngazi akiwa amekwisha kujiaga. Mkato alikuwa ameshatangulia.

Mama wa maboksi aliteremka, akafungua nyuma ya lori. Ndani mlikuwa na boksi moja.

"Lori ndilo usafiri nilionao," alisema. "Mzigo mlisema nisilete. Hili limelala siku nne juu ya sufuria za mvuke."

Mkato, mtu mnene kuliko maneno yake, alilitazama boksi, akapanda juu yake na viatu, akasimama. Boksi halikulalamika. Akaruka kidogo. Mlinzi alifumba macho. Boksi likabaki boksi.

"Lipimwe," Mkato alisema. Kisha akaziona zile kalamu mkononi mwa karani. "Baki."

Jioni karani alimweleza mkewe jinsi meneja alivyotambua utumishi wake wa miaka ishirini na tisa, akathamini busara yake, akamsihi kwa unyenyekevu asiiache meza ile.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alisema maneno mangapi?"

"Moja," karani akasema. "Lakini mimi nimelivalisha."