Swabra Hahamii Mombasa

Kwa Swabra hukupewa risiti. Ulimwachia kitambaa, zamu yako ikifika akakupima, akakuambia siku, na siku hiyo nguo ilikuwa tayari. Machakos mjini wengi waliliamini neno lake miaka na miaka.

Sasa, Desemba ile ya tisini na nane, mchwa walizila rafu zake wakapanda hadi darini. Mpuliza dawa akataka kila kitu kitoke kwanza. Swabra akapakia cherehani na marobota ya vitambaa kwenye mkokoteni, akayapeleka kwa shangazi yake, akafunga mlango. Siku ya soko, mchana kweupe! Na hakubandika hata neno moja mlangoni. Jioni, hata Kola, nje ya mji, watu walishajua kwamba Swabra anahamia Mombasa na vitambaa vya watu.

Kesho yake asubuhi Mbula, kiongozi wa kwaya ya Kola, alimkuta mlangoni.

“Mwaitu, mama yetu, ati unafunga? Sisi tuko na kitambaa cha Krismasi huku. Wanakwaya wanasema nikitoe leo.”

Swabra akajua kwaya ikitoa, mji mzima utatoa, na duka litafungwa kweli.

“Mimi namjua aliyeanzisha uvumi huu,” kaka yake Mudi akaingilia. “Ni yule fundi cherehani mwenzako wa kule juu. Andika jina lake.”

“Nikiandika jina lake, watu watasoma ugomvi wetu. Mimi nataka wasome habari ya vitambaa vyao.”

Akachukua kadibodi na kalamu nene, akaandika tangazo la mlangoni:

“Duka hili halifungwi. Tunapuliza dawa ya mchwa. Vitambaa vyenu vyote viko salama kwa shangazi yangu, nyumba iliyo nyuma ya msikiti; njooni muone. Jumatatu tunashona. Anayetaka chake atapewa, hataulizwa kwa nini. Swabra.”

“Hapo mwisho unawafukuza,” Mudi akanung’unika.

“Anayezuiwa ndiye hukimbia.”

Mbula akaenda nyuma ya msikiti, akakishika kitambaa cha kwaya kwa mikono yake, kisha akanakili maneno yale. Jumapili, katika matangazo ya kanisa, yakasomwa kama yalivyo. Watu wakacheka kidogo kwenye mchwa, wakaitikia kwa kichwa waliposikia jina lake mwishoni.

Jumatatu vitambaa vilirudi dukani, na foleni ikafika barabarani. Wa kwanza alikuwa Kamanthe, muuza mboga.

“Nataka changu,” akasema, macho chini.

Swabra akakikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. “Haya, mama. Siku njema.”

Foleni ikatazama. Aliyefuata akasogea, akanyoosha mikono apimwe. Na wa nyuma yake vilevile. Mbula akaita wanakwaya wake kwa sauti: “Mnapimwa ama mnangoja mchwa warudi?”

Kamanthe alikuwa ameshavuka barabara. Akasimama, akatazama, akarudi polepole na kitambaa chake, akajipanga mwisho kabisa.

Swabra akamwona, akainua futi yake ya kupimia.

“Mama, wewe ulikuwa wa kwanza. Pita hapa mbele.”