Unga wa Misuli

Mama alipanda kutoka ziwani hadi Mbinga mara tu aliposikia kwamba kipimo cha damu kimeonyesha kreatinini yangu, taka inayochujwa na figo, iko juu na huenda figo zina shida. Tuliingia kwa daktari pamoja. Kabla sijakaa, mama akasema, "Daktari, chukueni figo yangu mumpe."

Daktari alimwamkia, kisha akanigeukia. "Unanyanyua vyuma? Kuna unga unaotumia?"

"Kreatini, kila siku. Na nyama nyingi."

"Unga wa nini?" mama aliuliza.

"Wa kujaza misuli, mama." Nilitazama sakafu.

Daktari alieleza kwamba kreatini hugeuka kreatinini mwilini, na nyama na misuli mikubwa huiongeza, hivyo kipimo huweza kupanda hata figo zikiwa nzima. Presha ilikuwa sawa, na mkojo haukuwa na protini. Hata hivyo hakutaka kubahatisha: niache unga, nyama na vyuma kwa wiki chache, kisha turudie kipimo.

Majibu ya pili yalikuwa ya kawaida. Nilimpigia mama, akamshukuru Mungu.

"Akina mama wa jumuiya walikuwa wanakuombea," alisema. "Niwaambie umepona nini, mwanangu?"