Muhogo Mbichi Ndani ya Maji ya Chumvi

Baba alikuwa amesema wazi: nikirudia mwaka, masomo yamekwisha, nitabaki nyumbani kupika. Kwa hiyo karatasi ya biolojia iliporudi na alama nyekundu ya kosa juu ya swali la tatu, sikulia. Niliandika barua.

Swali lilikuwa hili: kipande cha muhogo mbichi kimetiwa ndani ya maji yenye chumvi nyingi, kitakuwaje? Nilijibu kwamba kitalegea, kwa sababu maji yatatoka ndani ya seli zake, yapite utandoni na kwenda kwenye chumvi nyingi. Mwalimu alinipa sifuri. Kwenye maelezo aliyotusomea tuandike, yale tunayokariri neno kwa neno kama katekisimu, osmosisi ilikuwa maji kutoka penye chumvi nyingi kwenda penye chumvi kidogo, na muhogo ungevimba.

Barua yangu ilikuwa ya adabu kupita kiasi. Nilimwomba anifafanulie kosa langu, maana nyumbani kwetu, mjini Baraka, nilimenya muhogo, nikauloweka kwenye maji ya chumvi, na asubuhi ulikuwa umelegea hata ukapindika bila kuvunjika.

Aliniita ofisini kwa mkuu wa shule. Mkuu hakuwepo. Barua ilikuwa mezani, na kando yake kitabu kilichofunguliwa.

"Mutoto, uko na haki," alisema. "Mi nilichanganya. Lakini darasa lote iliandika vile nilisema. Nikikupa wewe alama, nitaondoa kwa benzako. Unataka vile?"

Nilimwambia atupe sote, kwa kuwa kosa halikuwa la mwanafunzi yeyote. Akasema mkuu angeuliza sababu. Basi ilikuwa hiyo tu: aibu yake ilikuwa na thamani zaidi kuliko mwaka wangu. Aliikunja barua, akaitia mfukoni.

Kabla sijafika darasani, habari ilikuwa imenitangulia, tena imepindwa: eti nimekwenda kuomba wenzangu wapunguziwe. Rafiki yangu wa dawati moja alihamia kiti cha nyuma. Nilimchukia mwalimu, na wao niliwachukia zaidi, kwa sababu wao niliwapenda.

Nilianguka biolojia kwa kukosa hizo alama. Nikapelekwa kwenye mtihani wa marudio mwisho wa likizo, katika chumba kitupu, mwalimu akiwa mbele yangu akisoma. Niligeuza karatasi. Swali la tatu lilikuwa lile lile, muhogo ule ule.

Nilimtazama. Hakuinua macho. Sikujua kama alikuwa ananirudishia haki yangu au ananipima kama nimeshika adabu, na hakukuwa na mtu wa kumwandikia barua nyingine.

Nikamfikiria baba. Nikaandika kwamba muhogo utavimba.

Alinipa alama zote, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: vizuri sana, sasa umeelewa.