Mshale wa Chini

Kambini tulimwita Mama Mshale. Jina hilo nilimpa mimi, na nilimpa kwa kejeli. Nilikuwa dereva wa pikapu ya mradi wa barabara, yeye fundi wa maabara ya udongo, na kwa miaka kumi na mmoja nilimbeba kutoka kilima hadi kilima pamoja na sanduku lake la mbao. Siku hizi nikiendesha peke yangu bado naacha kiti cha kushoto wazi. Mizigo naiweka nyuma hata ikiwa ni mkate mmoja.

Mle sandukuni mlikuwa na mirija ya plastiki angavu. Kila mrija ulikuwa na ncha ya kigae yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na juu yake saa ndogo yenye mshale mmoja. Aliijaza maji, akaitumbukiza kwenye matundu aliyotoboa kilimani, kisha kila asubuhi akaenda kuisoma, huku mimi nikilalamika garini kwamba mafuta yanaunguzwa kwa ajili ya kusoma saa zisizojua hata ni saa ngapi. Alikuwa ananikabidhi chupa ya chai.

Kilima ninachokikumbuka kilikuwa cha mchanga mtupu, kimekatwa wima kama ukuta ili barabara ipite. Chini yake mdogo wangu, fundi mawe, na wenzake watano walikuwa wanajenga ukuta wa kukikinga. Mama yetu mzazi alipokata roho, mimi ndiye niliyeachiwa yule mdogo, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi ile. Kwa hiyo kilichokuwa chini ya kilima kile kilikuwa changu.

Siku moja ya kiangazi mdogo wangu alimwuliza Mama Mshale jinsi mchanga mtupu unavyoweza kusimama namna ile. Yeye hakuwa mtu wa hotuba. Alichukua mchanga mkavu kwenye rundo lao la ujenzi, akaujaza kwenye ndoo, akaipindua. Mchanga ukamwagika wote. Akaunyunyizia maji kidogo, akaushindilia, akapindua tena, ukasimama. Akaukata kwa mwiko katikati, nusu moja ikaanguka, nusu nyingine ikabaki na uso ulionyooka. Ndipo akasema kwamba kati ya chembe na chembe kuna kijitone cha maji, na pembeni ya kijitone kuna hewa, na kwa sababu maji hayatoshi kujaza nafasi yote, yanazivuta chembe zishikane. Mshale wake ulikuwa unapima mvuto huo tu. Mshale ukiwa juu, udongo umejishika. Halafu akachukua kikombe, akamimina maji polepole juu ya ile nusu iliyosimama. Ilivumilia kwa muda, tukadhani itasimama, kisha ikateleza yote kwa mara moja kama uji.

"Hewa ikitoka, hakuna wa kumvuta mwenzake," alisema. "Mshale unafika sifuri. Na maji yanateremka taratibu, kwa hiyo mvua ya leo inaweza kuzifikia chembe za chini keshokutwa."

Tulielewa, na bado tukamcheka. Kosa halikuwa letu lote. Kiangazi kile kile mishale yote mitatu, wa juu, wa kati na wa chini kufuata kina cha matundu, ilishuka hadi sifuri wakati vumbi linatutoa machozi. Alitueleza kwamba udongo umekauka mno, umevuta mpaka maji ya mrijani yamekatika na hewa imeingia, na hiyo ni sifuri ya uongo. Akajaza mirija upya. Lakini maneno yalikwisha kuenea: kila mtu akajua kwamba saa za Mama Mshale hufa.

Kisha ikanyesha siku nne mfululizo. Kazi ikasimama, mafundi wakacheza karata kambini, na yeye peke yake akapanda kilimani na koti la mvua. Siku ya pili mshale wa juu ulifika sifuri. Siku ya tatu ukafuata wa kati. Jioni ya siku ya nne wa chini ulikuwa bado kwenye thelathini.

Siku ya tano jua lilitoka zuri, mbingu imeoshwa, ndege wanaimba kana kwamba wamelipwa. Nilifika na vifaa vyote vya mafundi nyuma ya gari: miko, nyundo, makarai, sepetu. Msimamizi alikuwa amekwisha wapanga watu. Mama Mshale alishuka kilimani, matope hadi magotini, akamwambia kwamba mshale wa chini umefika sifuri, watu wasiingie.

Msimamizi naye akapanda kutazama. Hakuwa mjinga. Alirudi akasema ameona kipovu cha hewa ndani ya mrija.

"Saa yako imekufa tena, mama. Mvua imekwisha, uso wa kilima unakauka."

Alikiri kwamba kipovu kipo. Aliomba nusu siku tu ajaze mrija na kuupima upya. Msimamizi akasema siku nne zimepotea, na nusu siku hana. Mdogo wangu alikuwa amekwisha vua shati na kulitundika kwenye jiwe la ukuta.

Mama Mshale alikuja akaingia garini, akafunga mlango taratibu.

"Dereva, geuza gari."

"Vifaa bado viko nyuma, dada."

"Najua. Geuza."

Nilimtazama mdogo wangu kupitia kioo. Nikasema moyoni, liwalo na liwe, nikageuza. Msimamizi alitukimbilia hatua kadhaa akitaja kazi yangu na ukoo wangu. Fundi bila mwiko ni mpita njia tu. Nilijua watavuka barabara na kukaa kivulini kutusubiri, wakitutukana.

Tulisimama kwenye machimbo ya kokoto, mwendo wa dakika ishirini. Chai ilipoa. Saa nane nilishindwa kuvumilia, tukarudi.

Barabara haikuwapo. Kilima kilikuwa kimekaa juu yake, na ukuta wa mawe hauonekani, wala shati. Ng'ambo ya pili watu saba, mafundi sita na msimamizi, walikuwa wamesimama. Niliwahesabu mara tatu. Mdogo wangu alizunguka kifusi akaja akanishika mkono kwa nguvu, akasema kilianguka jua likiwa kali kabisa, bila hata tone la mvua, na kelele ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea.

Msimamizi alimpa Mama Mshale mkono, na wiki iliyofuata makao makuu yakampa barua ya onyo kwa kuchukua vifaa bila idhini. Aliikunja akaweka chupa ya chai juu yake.

Tulipokuwa tunarudi kambini siku ile kilima kilipoanguka, nilimshukuru. Nilimwambia kwamba hata mimi sikuamini, ila yeye alijua, na mtu anayejua namna hiyo ni wa kufuatwa tu. Alitikisa kichwa.

"Sikujua, Dereva. Hewa ile ilinitia shaka tangu asubuhi. Kilima kingesimama mpaka jioni, kesho ningenyamaza waingie."

Alistaafu, akafariki miaka miwili baadaye, na ninamkumbuka kuliko nilivyotarajia. Mdogo wangu sasa ana wajukuu wanne. Husimulia habari ile kila akipata wageni, jinsi Mama Mshale alivyokuwa na uhakika, na mimi hukaa pale nikiitikia.