Gari Lilimshinda

Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kwenye mteremko wa kutoka Elburgon kuja Njoro, tulipoteza lori moja, shehena ya mbao za saiprasi, na shemeji yangu. Naandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo fomu ya bima ilivyouliza: gari kwanza, mzigo pili, watu mwisho.

Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa. Mimi ndiye afisa wa usalama wa kampuni iliyomwajiri, kampuni ndogo ya malori yenye yadi Nakuru, karibu na reli. Cheo kinasikika kikubwa kuliko kilivyo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaendesha malori miaka mingi, kisha kampuni ikanipeleka kozi fupi ya usalama kazini, nikarudi na cheti na koti la kung'aa. Kazi zangu ni kukagua matairi, kuweka leseni za madereva kwenye faili, na gari likianguka, kuandika ripoti ya bima.

Nilimwomba mkurugenzi ripoti hii ampe mtu mwingine.

"Nani?" aliniuliza. "Karani wa mafuta?"

Bima inataka kuarifiwa mapema na ripoti kamili isichelewe, la sivyo wanapata sababu ya kukataa. Kwa hiyo mwili ukiwa bado mochari, mimi nilikuwa barabarani na tepu ya kupimia.

Siku hiyo lami ilikuwa kavu. Nilipima upana wa barabara, nikachora kona lori lilipoanguka, nikapiga picha. Alama za breki hazikuwepo. Mbao zilikuwa zimetawanyika hadi kwenye shamba la viazi, na mwenye shamba, mama mmoja aliyevaa gambuti, alikuwa amezipanga vizuri kando ili zisiibwe. Alinisalimia, akaniuliza kama nilimjua dereva. Nikamwambia nilimjua. Akasema pole, kisha akaendelea kupalilia. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutouliza zaidi.

Lori lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa kituo cha polisi. Mkaguzi wa magari wa serikali alikuwa ameshalipitia. Aliniambia mfumo wa breki ulikuwa mzima ila bitana zinazobana magurudumu zilikuwa zimeungua, na ngoma zake zimebadilika rangi kwa joto. Gia ilikuwa imekaa fri, haijashika popote. Sikuliweka hilo la gia maanani sana, kwa sababu kishindo kinaweza kusogeza mkono wa gia. Nilisubiri karatasi ya kifaa cha kufuatilia gari, kile kinachoonyesha mwendo na mizunguko ya injini.

Karatasi ilipokuja niliisoma peke yangu ndani ya kontena tunaloliita ofisi. Juu ya mteremko mizunguko ya injini inashuka mpaka pale inapokuwa wakati gari limesimama likinguruma. Mwendo nao unapanda, na unaendelea kupanda. Mtu yeyote aliyewahi kushika usukani wa lori anajua maana yake. Dereva ameitoa gia, ameliacha lori lijiteremkie kwa uzito wake. Injini haimsaidii tena kulizuia, imebaki breki pekee. Breki zikipata moto zinakuwa kama hazipo. Ukitaka kurudisha gia kwa mwendo ule, haiingii.

Tanboi wake, msaidizi wake wa kwenye lori, alinusurika na mguu uliovunjika. Ni mzee, ameshinda juu ya mbao zaidi kuliko kitandani mwake. Nilimkuta wodini akigombana na muuguzi juu ya uji.

"Huu uji ni wa watoto," alisema. "Mwambie aniletee chai, wewe una koti la serikali."

"Koti ni la kampuni."

"Basi hata chai hatupati." Kisha akaniangalia. "Umekuja kuniuliza."

"Nimekuja kukuuliza."

"Aliweka fri pale juu, kama kila siku. Sote tunaweka. Alipiga stori ya ndama wake mpaka katikati ya mteremko, halafu akaacha kuongea. Alisema, 'Mzee, shika.' Hayo tu."

Nilimwandikia maneno hayo, nikamsomea, akaweka sahihi.

Sababu ya kuweka fri haikuwa siri kwetu. Kila safari lori linapimiwa dizeli, na dereva anayerudi na mafuta mengi kwenye tangi anapewa kitu kidogo mwisho wa mwezi. Tunakiita asante ya mafuta. Haijawahi kuandikwa popote. Inasemwa mdomoni asubuhi pale kwenye pampu, na mkurugenzi mwenyewe akiwa amesimama pale. Niliwahi kuisema kwenye mkutano wa madereva, kwamba ile asante ndiyo inayowateremsha milima bila gia. Walicheka. Shemeji yangu alisema, "Muheshimuni huyu, ni muoga tangu nioe kwao." Walicheka zaidi, na mimi nikacheka.

Kabla sijaanza kuandika nilikwenda kwa dada, huko Subukia. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa matanga, akinamama jikoni, wazee nje kwenye viti vya kukodi. Dada alinivuta nyuma ya zizi la ng'ombe.

"Wewe ndiye unaandika?"

"Ni mimi, dada."

"Huko sokoni washaanza kusema alikuwa amelewa. Mtu wa kanisa. Hakuwa ameonja pombe tangu kitinda mimba azaliwe."

"Hakuwa amelewa. Hilo nitaliandika. Daktari ameshapima."

"Polisi wameandika nini?"

"Kwamba gari lilimshinda."

"Basi andika hivyo hivyo," alisema. "Gari lilimshinda. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Nilimwambia fomu inauliza pia kwa nini lilimshinda.

"Watoto wake watakuja kusoma hiyo karatasi siku moja," alisema. Aliushika mkono wangu. "Sikuombi uongo. Nakuomba unyamaze pale polisi waliponyamaza."

Nilimwahidi tu kwamba atakachoandikiwa mumewe atakisikia kwangu kwanza. Nilirudi Nakuru jioni hiyo. Kesho yake nikaandika.

Niliandika kwa Kiingereza cha shule, sentensi fupi. Ukurasa wa kwanza nilisema kwamba mwandishi ni shemeji wa marehemu, ili wajue. Nikaandika hali ya hewa, barabara, mzigo kuwa ndani ya uzito unaoruhusiwa, leseni iliyokuwa hai, na kwamba hakuwa na pombe mwilini. Kwenye chanzo cha ajali niliandika kwamba lori liliteremshwa bila gia, na nikaambatisha ile karatasi na maneno ya tanboi. Chini yake kuna nafasi ya chanzo cha msingi, yaani kilichofanya mtu afanye alichofanya. Hapo niliandika asante ya mafuta, kila nilichojua juu yake. Niliona kwamba nikiliandika la kwanza bila la pili, nitakuwa nimemtupia shemeji peke yake mzigo ambao tuliubeba wote. Na la kwanza nisingeweza kuliacha. Lilikuwa mbele ya macho yangu.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama. Ni mtu asiyepaza sauti.

"Hii ya kwanza sawa," alisema. "Hii ya pili itoke."

"Zinaenda pamoja, boss."

"Sikiliza. Bima inalipa makosa ya dereva, ndiyo kazi yake. Makosa yangu hailipi. Wakisoma kwamba mwenye gari alijua na akawapa watu zawadi, watasema sikulitunza gari kama mkataba unavyotaka. Hapo sina lori, na hawa wengine hawana kazi. Dada yako atalipwa fidia ya mfanyakazi, hiyo haiangalii kosa ni la nani. Sasa unampigania nani?"

"Jina lake."

"Jina lake umeshalimaliza wewe mwenyewe, hapo juu."

Nilikataa kuweka sahihi kwenye ripoti iliyokatwa. Aliweka yeye, kwa niaba ya kampuni, na ikaenda.

Baadaye bima walimtuma mchunguzi wao, kijana mtaratibu mwenye mkoba wa ngozi. Aliniuliza kama ripoti ile ilikuwa yangu. Nikamwambia ni yangu ila imepungua, nikamweleza kilichotolewa. Aliandika yote. Kisha akawaita madereva mmoja mmoja kwenye kontena, mimi nikakaa nje kwenye tairi kuukuu, nawasikia kupitia dirisha.

"Asante ya mafuta? Ndiyo nini hiyo?" alisema wa kwanza.

"Sisi tunapata mshahara tu, boss," alisema wa pili.

Wa tatu alicheka, akasema labda afisa ana huzuni, amefiwa, wamsamehe. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Mchunguzi alikwenda hadi kwa tanboi, ambaye sasa alikuwa nyumbani kwake mtaani Rhonda, mguu juu ya stuli. Nilimpeleka mimi. Mzee aliyarudia ya fri neno kwa neno. Alipoulizwa juu ya mafuta alitazama plasta yake.

"Mimi ni mtu wa mbao," alisema. "Mambo ya mafuta ni ya dereva."

Mchunguzi alipotangulia kutoka, mzee alinishika koti. "Nitarudi kazini na mguu huu, ama sitarudi?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Niambie, kama unajua."

Kampuni ililipwa lori lake. Katika barua ya bima chanzo kilikuwa kimoja, uzembe wa dereva aliyeteremka bila gia. La mafuta halikuwemo, kwa kuwa halikupata wa kulithibitisha. Karani alinitolea nakala, nami nikampelekea dada, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi kwamba atakachoandikiwa mumewe atakisikia kwangu kwanza.

Nilimkuta akichambua maharagwe barazani. Alinipa kigoda na chai. Aliniambia nimsomee kwa Kiswahili, nisiruke kitu. Nikasoma. Nilipofika pale kwenye neno la uzembe nililisoma kama lilivyo. Nikamwambia na yale niliyoandika ambayo hayakufika, na waliyosema madereva, na alivyosema mzee.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyewaambia gia ilikuwa imetoka," alisema.

"Karatasi ya gari ilionyesha, dada."

"Karatasi ilikuwa kwako."

"Ndiyo. Ilikuwa kwangu."

"Na ile nyingine waliikataa."

"Waliikataa."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu akapata alichotarajia. Aliniuliza kama nimemaliza chai. Nilikuwa sijaigusa, nikainywa ikiwa imepoa, nikasimama. Kwetu mgeni anasindikizwa hata kama ni ndugu, hata kama ni hadi langoni tu, na dada yangu alikuwa hajawahi kuniacha nitoke pale peke yangu. Nilisubiri kidogo. Aliinua ungo, akaupepeta, akaingia nao jikoni. Nilikwenda langoni, nikatoka, nikalifunga lango kwa nje.