Alikuwa Ameshashuka

Julai ile ya baridi nilikuwa katika kikundi kidogo cha watafsiri wa Biblia mjini Thika. Tulikuwa watatu: mwalimu wetu wa Kiebrania, aliyekuwa mzee wa kutoka magharibi mwa Kenya mwenye sauti ya polepole; mchungaji mstaafu, aliyekuwa mama aliyefunika magoti kwa leso tangu asubuhi; na mimi, niliyeandika Kiswahili. Ukungu uliingia dirishani ukatulia juu ya meza, na wakati mwingine nilihisi kama tunasoma tukiwa ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Tulikuwa kwenye hadithi ya nabii aliyekimbia kwa merikebu. Dhoruba inakuja, mabaharia wanaogopa. Rasimu yangu ilisema: wakaogopa, wakalia, wakaitupa mizigo baharini, naye akashuka chini, akalala.

Tuliipeleka Mwiki, Ruiru, tukawasomea akina mama wa kanisa moja. Mmoja wao alikunja uso.

"Huyu mtu ana roho gani?" aliuliza. "Anaona wenzake wakitupa mizigo, halafu anashuka kulala?"

Wengine walikubaliana naye. Tuliporudi Thika mwalimu alifungua maandishi ya Kiebrania, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya kitenzi.

"Hii ni waw," alisema. "Peke yake ni 'na' tu. Lakini tazama: *yippol* ni 'ataanguka', au 'huanguka'. Ukiiweka waw hii mbele, yenye irabu ya a, na konsonanti inayofuata ikikazwa, unapata *wayyippol*. Utasemaje?"

"Alianguka," nilisema.

"Wakati uliopita umeupata. Hadithi umeiacha."

Nilifikiri kidogo. "Akaanguka."

"Ndiyo. Ni ile 'ka' yenu ya Kiswahili. Haiji kutuambia tu kwamba jambo limepita. Inasema: halafu hili, halafu hili. Tofauti ni kwamba Kiebrania kinaweza hata kuanza hadithi nayo, bila 'ali' ya kuitangulia."

Kisha akasogeza kidole. Kuogopa, kulia, kutupa, vyote vilivaa waw ile. Lakini kwa nabii mnyororo ulikatika. Jina lake lilitangulia kitenzi, na kitenzi chenyewe, *yarad*, yaani 'alishuka', hakikuwa na waw mbele yake.

"Mwandishi amesimamisha mwendo," mwalimu alisema. "Anarudi nyuma kutuonyesha kitu kilichokuwa kimeshatokea."

"Kwa hiyo hakuwaona wakitupa mizigo," mchungaji alisema taratibu.

"Alikuwa ameshashuka."

Niliandika hivyo: *naye alikuwa ameshashuka chini, akalala.* Nilipokuwa nikiandika nilisikia sauti nyingine, ya nyanya yangu, Cucu kama tulivyomwita, akinihadithia nilipokuwa mdogo: mama yako akaugua, baba yako akaondoka, mama yako akafa. Sikumbuki aliwahi kuisema kwa namna nyingine. Nililala juu ya maneno hayo utoto wangu wote. Baba alikuwa hai, na sikuwa nimetaka kumwona.

Jumamosi nilienda Witeithie kwa tata, dada mkubwa wa mama. Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye ngazi ya duka lake. Nilikaa kando yake, nikaingiza mkono kwenye ungo.

"Tata, baba aliondoka mama akiwa mgonjwa?"

Aliendelea kuchambua. Ukungu ulikuwa umefunga barabara, magari yakawa ngurumo tu.

"Nani alikwambia hivyo?"

"Cucu. Alisema mama akaugua, baba akaondoka."

"La," alisema. "Baba yako alikuwa ameshaenda Mumias kutafuta kazi ya sukari. Mama yako akaugua akiwa peke yake, na akatukataza kumwita. Alisema mumewe akipata kazi asiiache. Baba yako aliporudi tulikuwa tumeshamzika."

"Mbona hamkuniambia?"

"Cucu alikuwa na uchungu. Alitaka mtu wa kulaumu, na sisi tukanyamaza." Alinitazama. "Tulikosea, mami."

Sikulia. Nilihisi tu mambo yakihama mahali pake kimyakimya, kama vyombo vinavyohamishwa chumba cha pili wewe ukiwa umelala. Hakuna aliyefufuka. Baba alibaki na makosa yake, miaka aliyokaa bila kunitafuta.

Nilimpigia baba simu Jumapili jioni, kutoka kitandani, kwa namba niliyopewa na tata. Alichelewa kupokea.

"Ni mimi," nilisema. "Wa Thika."

Nikasikia jogoo upande wake.

"Umekula?" aliuliza.

Nikamwambia nimekula. Akaniuliza nilikula nini, nikamwambia githeri, mahindi na maharagwe, akataka kujua kama bado natoa mahindi na kula maharagwe peke yake.