RAM ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Inaingia. Ulete kifaa chochote, fundi huyu angekiangalia juu juu na kusema, "Inaingia hiyo." Kuangalia ndani aliwaachia waoga.

Ndiyo maana kwenye chakula cha ukoo, mdomo ukiwa umejaa, alimwahidi mama mkwe kuwa laptopu yake iliyokuwa inasuasua ataitia RAM, kumbukumbu ya kuipa kasi, giga thelathini na mbili. Mama huyo alikuwa na chuo cha ushonaji, na kompyuta tano za mezani ofisini zilitafuta fundi wa kudumu. Inaingia alishajiona ndiye.

Siku ya kazi, mama mkwe akaketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

Inaingia akafungua laptopu, akachomoa RAM yake ya zamani, akachomeka nyingine iliyotoka kwenye kompyuta ya mezani. Ilikuwa ndefu karibu mara mbili ya nafasi yenyewe.

"Mwanangu, hiyo si imebaki nje?"

"Nilikuwa napima tu, mama."

Akachukua fupi, ya laptopu kweli, mpya inang'aa. Urefu ukafanana, lakini pengo lake halikukutana na kijino cha kwenye tundu. Inaingia akavuta tupa.

"We baba nanihii!" mkewe akaruka kutoka kaunta ya makava ya simu. "Unakwangua RAM? Hiyo kizazi cha nne, mashine ya kizazi cha tatu! Umeme wake tofauti, utaiunguza mama akiwa hapo hapo!"

"Nani kasema cha tatu?"

"Ile uliyoichomoa humo. Si imeandikwa?"

Akaigeuza RAM ya zamani. Lebo ilisema PC3L: kizazi cha tatu, cha umeme mdogo. Ilikuwa imesema hivyo tangu asubuhi, ila hakuna aliyeiuliza.

Akatafuta mbili za aina hiyo, giga nane nane. Kabla hajachomeka, mama mkwe akakohoa.

"Nane na nane ni kumi na sita. Thelathini na mbili zangu ziko wapi?"

Inaingia akapindua laptopu, akasoma namba ya modeli, akaitafuta kwenye tovuti ya watengenezaji. Kikomo: giga kumi na sita, nane kila tundu.

"Mama... mashine haipokei zaidi."

"Mbona ulinihakikishia?"

"Nilisema tu."

Mkewe akajifanya anapanga makava. RAM zikakaa kwa mlio mdogo, laptopu ikawaka, ikaonyesha kumi na sita.

Mama mkwe akasimama. "Kesho nitakuletea kompyuta moja ya chuo. Moja, si tano. Utaifungua mbele yangu na kunisomea yaliyoandikwa, kwa sauti."

Kesho yake wateja waliopita walimkuta fundi kapiga magoti mbele ya kompyuta ya mezani, anasoma lebo neno kwa neno, na mama mkwe akimrudisha mwanzo kila alipokimbilia mbele.